Nguzo ya Tatu

Nimefanya useremala wa fomu, zile kuta za muda za kumwagia zege, miaka ishirini na sita, na sijawahi kuogopa mbao wala zege. Bati la chuma ndilo lililonitia woga.

Yalikuja kwenye pikapu siku ya Jumatatu, mabati manne mazito yenye mbavu za kuimarisha mgongoni, kila moja refu kunizidi. Yaliletwa na mchomeleaji mmoja kijana tuliyemwita Cheche, mpole, mwenye makovu ya moto mikononi. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee Randa." Niliitikia marahaba huku nikimtakia mabaya yote ya dunia.

Jengo letu lilikuwa bweni la wanafunzi, ghorofa nne, nguzo sabini na mbili, zote saizi moja. Injinia, mwanamke wa maneno machache aliyeweza kuwa binti yangu, alitukusanya na kusema tutashindanisha. Nguzo tatu za chini zimwagwe siku moja: ya kwanza kwa fomu ya mbao, ya pili kwa plaiwudi, ya tatu kwa chuma. Aangalie sura ya zege, ahesabu gharama, kisha achague.

"Ni nguzo za majaribio?" niliuliza.

"Ni nguzo za jengo, fundi. Sina zege la kuchezea."

Nilimsikia vizuri. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanitafutia udhuru.

Hesabu niliipiga mwenyewe pale pale, na ndiyo iliyonikausha mate. Mbao ni rahisi kununua, unakata unavyotaka, lakini baada ya kumwaga mara nne au tano zinapinda na kupasuka, na zege linatoka na mistari ya kila ubao, lazima lipigwe lipu. Kwa nguzo sabini na mbili ningehitaji seti kumi na tano. Plaiwudi ile yenye ngozi nyeusi inatoa uso laini, na ukipaka rangi kingo zake zisinywe maji inafika mara kumi na mbili. Chuma bei yake ni mbao za nguzo tano kwa seti moja, lakini seti mbili zinamaliza jengo zima na zinaondoka hai, na lipu huhitaji. Halafu chuma hakihitaji maseremala watano. Kinahitaji watu wawili wa kufunga pini na mmoja wa kupaka oili. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa tumekalia kuti kavu, na mmoja wao ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, niliyemleta mwenyewe kazini.

Asubuhi ya kumwaga, mbao zangu nilizimwagia maji tangu mapema zisije zikanyonya maji ya zege. Plaiwudi niliipaka mafuta na kuziba viungo kwa utepe wenye gundi. Kazi safi, hata adui angekiri. Cheche alifunga chuma chake, akabana kabari zote, akaziba mguuni kwa sponji, akaenda kunywa chai.

Nilichuchumaa kwenye nguzo ya tatu kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nilichomoa sponji upande wa nyuma, nikagonga kabari mbili za chini zikalegea. Nilitaka ivuje kidogo tu, mguu utoke mbaya, watu waseme chuma hakifai. Nyundo ilinigonga kidole, na nilifurahia maumivu yale kwa sababu yalinipa cha kufikiria.

Zege likaanza kushuka, mashine ya kutikisa ikaingizwa. Haikuvuja kidogo tu. Uji wa simenti ulichuruzika kwanza, halafu ukafoka, ukatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu. Cheche alipiga kelele, akapiga magoti kusukumiza karatasi za mifuko ya simenti kwenye upenyo. "Nilibana, wallahi nilibana!" Fundi yeyote anajua uji ukikimbia, kinachobaki ndani ni kokoto zisizoshikwa na kitu. Ningeweza kusema simamisheni. Niliinua ndoo nyingine nikaipokeza juu.

Kesho yake tulivua. Nguzo ya mbao ilitoka na mistari yake, na mapezi membamba ya zege pale ubao ulipoachana na mwenzake. Ya plaiwudi ilikuwa laini, mshono mmoja tu. Ya chuma, kuanzia gotini kwenda juu, nilitamani kuishika: nyororo, ila vitundu vidogo vya hewa, maana chuma hakinyonyi na hewa haina pa kupitia. Kuanzia gotini kwenda chini ilikuwa sega la nyuki. Nondo zilionekana.

Injinia hakuwepo siku hiyo, wala siku ya kumwaga. Msimamizi, mtu wa kutaka kazi isonge, aliangalia kushoto na kulia. "Pakeni lipu. Ni ngozi tu hiyo."

Vibarua walipoenda kuchanganya mchanga nilichukua waya wa kufungia nondo nikauchomeka kwenye kokoto. Uliingia. Nikasukuma, ukaendelea kuingia, urefu wa kiganja changu chote, mpaka katikati ya nguzo. Niliuchomoa haraka. Ghorofa nne zingekaa juu ya mashimo hayo, na vitanda, na watoto wa watu vitandani. Lipu ikapakwa, ikasawazishwa vizuri. Msimamizi akanipa tabasamu, na mimi nikampa langu.

Siku mbili hizo nyumbani sikula. Mke wangu alidhani ni kazi inayoisha. "Mungu hamtupi mja wake," aliniambia, na nikashindwa kumtazama.

Alhamisi injinia alirudi. Alipitisha mkono kwenye nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaigonga mguuni kwa ufunguo wa gari. Lipu ilikuwa nene, haikusema kitu.

"Msimamizi ameniambia chuma kilivuja," alisema mbele ya wote. "Kama kinavuja kwenye nguzo moja, sabini na mbili siziwezi. Tunaenda na plaiwudi, na mbao kwenye ngazi. Fundi Randa, kazi ni yenu." Akanipa mkono.

Wenzangu walishangilia. Shemeji alinipiga bega. Cheche alikuwa ameshaanza kupakia mabati yake, peke yake, hajibu mtu. Nyuma yetu wengine walikuwa wanasimamisha miti ya mirunda ya kubeba slabu ya juu, na mmoja wao ameegemea nguzo ya tatu akipumzika.

"Mtoe yule pale," nilisema.

"Nani?"

"Yule. Mtoeni. Injinia, kabari nililegeza mimi. Sponji nilitoa mimi. Ndani hakuna zege, kuna kokoto."

Msimamizi alianza kusema kitu, injinia akainua kidole naye akanyamaza. Alichukua nyundo kwenye mkanda wangu, akanirudishia kwa upande wa mpini.

"Fungua."

Niligonga mara tatu lipu ikadondoka kipande kizima. Niliingiza waya mbele yao wote. Alitazama ulivyozama, akafumba macho.

"Inabomolewa yote," alisema. "Na wewe leo ni mwisho." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Umeharibu jaribio langu. Niambie sasa, kwa haki, nguzo hizi zimwagwe kwa fomu ipi?"

Shemeji alinitazama. Alikuwa na watoto watatu, na alijua ninachoweza kusema.

"Chuma," nilisema. "Saizi ni moja, nguzo ni nyingi. Kwa nguzo, hakuna kinachokishinda."

Cheche alishusha bati alilokuwa amelibeba. Shemeji aligeuka akaenda kukusanya misumeno yake, na tulipotoka getini alitembea upande wa pili wa barabara.