Wastani wa Malori Matatu

"Hivi jirani, mwenye malori matatu ni tajiri, au ni maskini aliyecheleweshwa tu?"

Aliniuliza hivyo mama mshonaji wa nyumba ya pili, mwezi wa tatu tangu nimzike mume wangu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Malori yenyewe niliachiwa na marehemu, pamoja na mkataba wa kubebea ghala moja saruji. Mkataba ulitaka malori matatu kila siku. Yakipungua, wanatafuta mwingine. Nyumba nne zilikula humo: yangu na za madereva watatu.

Bima ilipokaribia kuisha, mwanangu alikuja na daftari la baba yake. Mwanangu huyo alikuwa karani katika kampuni ya malori themanini.

"Mama, ile bima ndogo, ya kuwalipa watu tutakaowagonga, ni sheria. Tunakata. Hii kubwa, ya kulipwa lori letu wenyewe likifa, ndiyo inatunyonya. Daftari lina miaka kumi na miwili, tangu malori yafike matatu. Ni sawa na lori moja kutembea miaka thelathini na sita. Limekufa kabisa mara ngapi?"

"Mara moja. Lile la buluu."

"Haya. Lori moja milioni sitini, yote matatu mia na themanini. Gawa kwa thelathini na sita."

Niligawa nyuma ya bahasha. Shule ya msingi haikunitupa kiasi hicho. "Tano."

"Milioni tano ndiyo hasara ya kutegemea kwa mwaka, kwa wastani. Bima wanataka tisa! Nne zote za kiyoyozi chao."

"Na mikwaruzo?"

"Hata ukiwa na bima, gharama ndogo za mwanzo unajilipia mwenyewe. Sisi kazini bima kubwa hatukati. Hasara tunajibebea wenyewe. Hizo tisa tuziweke benki kila mwaka; wa saba tuna sitini na tatu."

Wakala wa bima alikuja keshoye, binti mchangamfu mwenye viatu vya vumbi. Akaiangalia bahasha yangu.

"Hesabu ni nzuri, kaka. Ila ni ya malori themanini. Wenye themanini hupoteza mawili au matatu karibu kila mwaka, kwa hiyo wameshajiandaa. Wastani wao wanauona kwa macho. Nyinyi tano hamtaiona hata siku moja. Mtapoteza sifuri, sifuri, sifuri, halafu sitini. Na ajali moja mliyohesabia haitoshi kuuamini wastani huo."

"Dada, unauza," mwanangu akasema.

"Nauza, tena nakula kamisheni. Lakini nijibu: lori likifa mwezi ujao, sitini mnazo?"

Mwanangu alirudia habari ya mwaka wa saba. Mimi nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe njia. Nikaitazama bahasha, tano ni ndogo kuliko tisa, nikadhani nimeonyeshwa. Bima kubwa hatukukata.

Mwezi wa tisa baada ya hapo, lori la Polepole lilibiringika bondeni. Polepole alikuwa dereva wa kwanza wa mume wangu. Wenzake walisema hata mkokoteni humpigia honi apishe. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, ukingo wa barabara ukamomonyoka chini ya tairi. Alitoka na mkono uliovunjika. Hakumgonga mtu, kwa hiyo bima ndogo haikuwa na wa kumlipa. Benki tulikuwa na tisa, chuma chakavu kikatupa tatu. Tulikodi lori la tatu, likala faida ya mawili yaliyobaki, na mwezi wa pili wa kukodi tukashindwa kulilipia. Ghala likamchukua mwingine.

Nilimwita Polepole ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkono ukiwa bado na plasta.

"Shemeji, nimesikia ya ghala," akasema. "Sasa mimi napanda gari lipi?"

Nilitaka kusema taratibu, nikakosa namna. "Yamebaki mawili, na kazi ni za kuokoteza. Wenzako wawili wenyewe watapokezana. Lako halipo."

"Miaka kumi na minane, shemeji."

"Najua. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyekubali tusikate bima."

Mwanangu akafungua daftari. Nadhani alitaka kunitetea. "Baba mdogo, hatukuwa wazembe. Tulihesabu. Kwa wastani, hasara ya mwaka ilikuwa milioni tano tu."

"Tano?"

"Ndiyo, kwa wastani."

Polepole aliinama akaisoma ile bahasha ya hesabu iliyokuwa ndani ya daftari, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Na lori lililokwenda ni la milioni ngapi?"

"Sitini."

"Sasa hiyo tano ilitokea wapi, mwanangu?"

Mwanangu alifunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Mimi nilimwita, "Shemeji," nikitaka kumpa bahasha ya mshahara wake wa mwisho. Aliipokea kwa mkono mzima, akainama kidogo kwa adabu yake ya siku zote, akatoka.