Maziwa ya Usingizi

Mama mkwe alishuku kwamba mkamwana wake anamtilia dawa kwenye maziwa anayompa kila usiku. Zamani alikuwa akigaagaa kitandani, miguu baridi kama barafu. Tangu mkamwana ahamie kwake, analala fofofo. Jioni moja akayamwaga maziwa kwenye sinki kwa siri, akajilaza kumvizia. Mkamwana, ambaye ni muuguzi, akamvisha soksi za sufu, akaweka karibu na nyayo zake mfuko wa mpira wenye maji ya moto, uliozungushiwa taulo. Usingizi ukamchukua mama mkwe vilevile.

Asubuhi akamkabili. "Umenifanya nini?"

"Nimekupasha miguu tu, mama. Ikipata joto, mishipa yake ya damu hutanuka, joto la ndani ya mwili likapata pa kutokea. Ndani kukipoa kidogo, usingizi huja."

Mama mkwe akamkazia macho. "Sawa. Leo maziwa nitayanywa, ila utaonja wewe kwanza."