Mafuta Kwenye Picha

Kosa ni langu, nalisema mapema kabla hamjalisema ninyi. Nilihukumu kichwa cha mtoto kwa picha, tena picha niliyoitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwa mteja.

Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu, yuko chuo mbali, analala hosteli. Mwezi uliopita aliniandikia: "Shangazi, nywele zinakatika, nifanyeje?" Kwenye picha nikaziona zinang'aa. Nikajisemea, zinazong'aa si kavu, hizi zimelegea tu, zinataka nguvu. Nikamwambia apake dawa ya protini kila wiki. Tena nikamtania: "Fanya haraka kabla hujafanana na baba yako." Baba yake ana kipara unachoweza kujitazamia.

Leo mchana kanipigia saluni, nikiwa namfumua fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Shangazi, zinatoka."

"Zinatoka vipi?"

"Kwenye mto. Kwenye kitana. Kama za mama."

Vidole vyangu vikasimama katikati ya msuko. Mama yake, wifi yangu, alipokuwa kwenye dawa za saratani nywele zilimwachia kwenye mto wa kulalia, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa akiziokota asubuhi kabla mama hajaamka kuziona. Tulimzika wifi na kilemba chake.

"Mbona umeganda?" akasema fundi. "Nusu nimesukwa, nusu nimefumuliwa. Nitapitaje barabarani?"

"Sema ndiyo fasheni."

Nilicheka peke yangu, tena vibaya.

"Mwanangu, sikiliza," nikamwambia yule wa simu. "Kutoka ni kitu kimoja, kukatika ni kingine. Okota zilizo kwenye kitana, zitandaze juu ya kitambaa cheusi, sogea dirishani, piga picha. Halafu piga kichwa chenyewe. Kikavu. Usipake kitu."

"Hata mafuta?"

"Hata mafuta."

"Ile picha ya kwanza nilipaka. Nilipaka mengi. Ningekutumiaje wewe, msusi, kichwa kama jamvi?"

Mungu wangu. Kumbe ule mng'ao ulikuwa wa chupa! Nywele zilikuwa na kiu, mimi nikazilisha protini wiki baada ya wiki, zikakakamaa kama fagio. Fagio likikunjwa linafanyaje? Linavunjika.

"Diploma yako ile inakutazama," fundi akasema, akionyesha ukutani.

"Iambie igeukie pembeni."

Picha za kitambaa zikaingia. Nikazivuta kwa vidole kuzikuza. Vipande vifupi, havilingani, ncha zimechanuka. Nikatafuta kile kidoti cheupe cha mzizi, hakuna. Ndefu tatu nne tu zilikuwa nacho, na hizo hudondoka kwa kila mtu, hata kwa mwenye nywele za kusifiwa.

"Hizi zimekatika, mwanangu. Hazijatoka na mzizi."

"Kwa hiyo siumwi?"

"Hizi nilizoziona ni ukavu. Na shangazi yako."

Akacheka huku analia, nami nikapumua. Nikampangia: protini basi kwa sasa, na pasi ya nywele ikae kabatini. Aoshe mara moja kwa wiki, siku yoyote anayoipenda. Kabla ya kuosha, agawe kichwa mafungu manne, apake kondishena kidogo, afumue mafundo kwa vidole, asiyang'ang'anie. Shampoo laini iende kwenye ngozi tu, povu likishuka linatosha kuosha nywele. Kisha kondishena nzito ya unyevu, avae kofia ya plastiki nusu saa, asuuze kwa maji ya uvuguvugu. Zikiwa bado mbichi apake krimu ya kuacha kichwani, mafuta kidogo juu yake yafungie maji, achane kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani, asokote mabutu makubwa yasiyovuta. Usiku kofia ya satini.

"Na usitegemee miujiza," nikamwambia. "Zilizokatika haziungiki. Tunalinda zilizobaki."

"Sawa shangazi. Ngoja nikaazime kondishena kwa mwenzangu." Akakata.

Ndipo picha ya kichwa ikamaliza kufunguka. Nywele kavu kweli, zimefifia, zimetimka. Nikaitikia kwa kichwa kama daktari. Nikaivuta zaidi. Nyuma ya sikio la kulia pana mahali pa duara, kama kifungo cha koti. Peupe. Laini. Nywele iliyokatika huacha visiki. Pale sikuona kisiki hata kimoja.

"Ni mwanga huo," akasema fundi, kainuka na nusu kichwa chake kuchungulia.

"Labda."

"Si dirishani hapo?"

Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikarekodi ujumbe.

"Mwanangu, funua nyuma ya sikio la kulia, unipigie picha nyingine. Huenda ni mwanga tu. Kama si mwanga, hilo si langu, ni la daktari wa ngozi, na twende wote, nakuja huko huko."

Tiki zikageuka bluu. Ameusikia.

Fundi kakaa, mikono mapajani. Picha haiji. Nikabonyeza tena kurekodi.

"Mwanangu, nitumie hiyo picha."