Fomu ya Verdiane

Verdiane Uwamwezi wa Mushaki, kijiji cha milimani juu ya Goma, alikuwa na aina kumi na saba za maharage nyumbani, kila aina katika chupa yake iliyozibwa kwa majivu na kifuniko. Mvua ilipoharibu mashamba ya majirani, walikuja kwake kuomba mbegu. Ndiyo maana shirika moja la mbegu lililokuwa na ofisi Goma lilimchagua yeye, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye hajawahi kuvuka mpaka, aende kuzungumza kwenye mkutano wa wakulima Nairobi.

"Tunahitaji namba ya pasipoti yako kabla mwezi haujaisha," Michel wa shirika alimwambia kwa simu. "Bila ile, hatuwezi kununua tiketi."

Verdiane hakuwa na pasipoti. Alikuwa na kadi ya uchaguzi tu. Lakini alikuwa na Cindy, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne na kumsomesha mpaka akapata diploma. Sasa Cindy alikuwa sekretere wa kooperative yao, ushirika wa wakulima, na pasipoti yake aliipata tangu alipofanya kazi na wageni.

"Mama mudogo, usiogope," Cindy alisema. "Siku hizi mambo inaanzia kwa enternet. Tunajaza fomu, tunaichapisha, unalipa kwa banki, halafu unaenda mwenyewe Goma wakuchukue vidole na picha. Ni hayo tu."

Kwanza Verdiane alitafuta karatasi: cheti cha kuzaliwa, kisha cheti cha uraia, ambacho ndicho kilichomchosha zaidi. Alishuka Goma mara mbili kukifuatilia, akipita mji wa Sake juu ya pikipiki, na mara ya pili alirudi akikikumbatia kama mtoto mchanga.

Ndipo jioni moja wakaketi katika ofisi ya kooperative, Cindy mbele ya kompyuta, Verdiane pembeni na karatasi zake mapajani. Tovuti ya fomu ilitaka anwani ya imeli, na Verdiane hakuwa nayo. Cindy akamfungulia moja, akatumia namba ya simu ya Verdiane, akabuni neno la siri.

"Neno gani?" Verdiane aliuliza.

"Nitakuandikia, Mama mudogo."

Hakuandika. Walianza kujaza: jina, jina la pili, jina la ubatizo, siku ya kuzaliwa, mahali. Verdiane alisoma kwenye karatasi, Cindy alibonyeza. Walipofika jina la baba, Cindy akasema mtandao umepotea.

"Rezo imekata. Nenda kapumzike, nitamaliza kesho asubuhi."

Siku ya pili Cindy alimletea fomu iliyochapishwa, imekunjwa ndani ya bahasha pamoja na vyeti vyake. Verdiane hakuifungua. Kwa nini aifungue?

Jumatatu alifika banki Goma mapema. Kijana wa dirishani akaweka fomu kando ya kadi ya uchaguzi, akatazama moja, akatazama nyingine.

"Mama, hii fomu ni yako?"

"Ndiyo, njo yangu."

"Hapa jina ni Ngabo. Kwa kadi ni Uwamwezi."

"Ngabo ni bwana yangu. Mimi sijaandikisha jina yake mahali popote."

"Na hapa umezaliwa Kitshanga, mwaka wa sabini na tisa."

Verdiane alizaliwa Mushaki, na mwaka haukuwa huo. Kijana akasukuma karatasi nyuma kwa upole. "Nikipokea malipo kwa majina haya, kule kwa vidole watakurudisha. Karatasi zote lazima zikubaliane. Nenda ujaze fomu ingine kwanza. Nyuma ya banki kuna mama mwenye cyber, ana kompyuta."

Alitoka akijisemea kwamba Cindy alichoka tu. Kazi nyingi, rezo mbaya, mtoto wa watu amekosea. Alijisemea hivyo mpaka mlangoni pa cyber.

Mama Adelaïde, mwenye cyber, alivaa miwani na kumkaribisha kwenye kiti. "Fomu mpya itatuma ujumbe kwa imeli yako. Neno la siri?"

"Silijui."

"Namba ya simu iliyoandikwa ni yako? Basi watakutumia kode."

Kode ikaingia kwenye simu ya Verdiane. Akaisoma tarakimu kwa tarakimu, na sanduku la imeli likafunguka. Mama Adelaïde alitafuta ujumbe wa fomu ya zamani, kisha mkono wake ukasimama.

"Mama, wewe uliandikia shirika la mbegu?"

"Mimi? Hata kuandika imeli sijui."

Adelaïde akasoma, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, taratibu. Barua ilikuwa na jina la Verdiane chini yake. Ilisema karatasi zake zina matatizo, hatapata pasipoti kwa wakati, naye anaomba nafasi yake apewe Mademoiselle Cindy, sekretere, mwenye pasipoti tayari. Ilitumwa usiku uleule rezo ilipokata.

Verdiane hakulia. Aliomba maji, akanywa, akampigia Michel.

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ulituandikia," Michel alisema. "Tiketi ya Cindy imelipwa."

"Si mimi niliandika."

"Pasipoti iko wapi?" Michel aliuliza.

"Njo ninaianza leo."

"Mama, mkutano ni baada ya wiki mbili. Samahani."

Angeweza kurudi nyumbani wakati ule. Badala yake aliweka cheti cha kuzaliwa mezani. "Tuandike," alimwambia Adelaïde. "Nitakutajia herufi moja moja." Wakaandika, na kabla ya kutuma, Adelaïde akageuza kioo cha kompyuta ili Verdiane asome kila mstari mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Akalipa banki. Kesho yake alipanga mstari kwenye ofisi ya pasipoti. Mashine ilikataa vidole vyake, vilivyosuguliwa na jembe. Mara tatu akaambiwa avifute kwa kitambaa chenye maji, mara ya nne ikakubali. Akapigwa picha bila kutabasamu, akaweka sahihi.

Alimkuta Cindy nyumbani akipanga nguo.

"Ulibadilisha jina yangu."

Cindy hakukana. Alikunja blauzi, akaikunjua tena. "Ungesema nini mbele ya wale watu? Kifaransa hujui, Kingereza hujui. Mimi nimesoma."

"Nilikusomesha ao hapana?"

"Ulinisomesha, Mama mudogo. Njo maana nimechoka kuandika rapoti za watu wengine."

"Ungeniomba, ningekupa."

"Hungenipa," Cindy alisema, na Verdiane akashindwa kuapa kwamba angempa. Hilo nalo lilimuuma.

Cindy alienda Nairobi. Aliporudi, kooperative iliitisha mkutano ili asimulie. Pasipoti ya Verdiane ilikuwa imetoka juma lile. Alikuwa amekwenda kuichukua mwenyewe, na ilikuwa ndani ya mkoba wake, kurasa zote tupu. Cindy alionyesha picha, akazungumza vizuri sana. Kisha Papa Léonard, mkulima wa mlima wa pili, akauliza maharage gani kati ya yale ya Mushaki yanavumilia kuoza mizizi mvua ikizidi, maana shamba lake lilikuwa linaharibika.

Cindy akafungua daftari, akalifunga. Watu wote wakageuka kumtazama Verdiane.

Alijua jibu: yale madogo mekundu, chupa ya sita. Alimtazama Léonard, aliyekuwa na watoto wanane. Alimtazama Cindy, ambaye macho yake yalimwomba.

"Muulizeni muntu aliyeenda Nairobi," alisema.

Akachukua mkoba wake akatoka. Alipofika njiani alisikia watu wakinong'ona, na Léonard akimwita jina. Hakugeuka, na moyo ulimwambia kwamba kesho itambidi ampelekee zile mbegu mwenyewe, na kwamba kufanya hivyo hakutamrudishia chochote alichopoteza.