Elfu Thelathini na Moja Waliopakua

Kuna watu wanapenda sifa, jamani, na Kidole alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Jina hilo alipewa na kaka yake kwa kuwa kidole chake hakikauki kwenye simu. Mke wa kaka, yaani wifi yake, ndiye aliyempa kazi. Wifi alikuwa na karakana ya kushona sare za shule, na mwaka huo alitengenezewa programu ya simu: mzazi anaingiza vipimo vya mtoto, analipa, sare inaletwa mlangoni. Kidole akakabidhiwa matangazo ya mtandaoni ya kuwaleta hao wazazi.

Wiki tatu tu, watu elfu thelathini na moja wakawa wameipakua. Kidole akazunguka karakanani kichwa kimemvimba, anamwonyesha namba kila aliyekuwa na macho. Na Wifi, kwa kuiamini namba hiyo, akakodi chumba cha pili na kuajiri mafundi kumi wapya kabla shule hazijafunguliwa. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo waliyemwita Bi Vifungo. Alikuwa ameacha kiwanda alichokitumikia miaka kumi na mmoja.

Jumatatu asubuhi Wifi alimwita Kidole kwenye meza ya kukatia. Hakukasirika, alikuwa anashangaa tu. Cherehani za chumba cha pili zilikuwa kimya tangu Alhamisi. Aliuliza hao watu wote waliopakua, watoto wao watakwenda shule wamevaa nini.

Kidole akacheka, akasema wazazi siku zote husubiri mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akafungua ripoti ambayo, tuseme ukweli, alikuwa anaikwepa. Ile ya wanachofanya watu wakishaingia ndani ya programu.

Akaisoma. Akadhani macho yamemdanganya, akaisoma tena. Kati ya elfu thelathini na moja, waliofungua akaunti ni elfu moja na mia moja. Waliohifadhi vipimo vya mtoto, mia tatu na arobaini. Walionunua, kumi na tisa. Na kati ya hao kumi na tisa, wanne walikuwa ndugu zake mwenyewe. Alikaa anaitazama skrini mdomo wazi mpaka ikazimika yenyewe.

Alimfuata kijana aliyeitengeneza programu, waliyemwita Miwani, akamwonyesha. Miwani alifungua mipangilio ya matangazo na kumwuliza ni nani aliyechagua lengo lile. Maana mwanzoni kabisa mtambo wa matangazo huuliza unataka nini: watu wengi wapakue kwa bei ndogo, au watu watakaofanya jambo fulani wakishapakua. Kidole alichagua wengi. Na mtambo haukumwonea, ulimtii. Ulimtafutia watu wa bei rahisi, wale wanaopakua kila kinachopita mbele yao, wanachungulia, na jioni wanafuta.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukosea kwa kutojua. Siku ile ya kwanza alisoma chaguo zote mbili na kuzielewa vizuri. Alichagua wengi kwa sababu namba kubwa ingemfanya Wifi amsifu mbele ya kaka.

Sasa akataka aruke moja kwa moja kwenye ununuzi, mtambo umletee wanunuzi tu. Miwani akatikisa kichwa. Mtambo hujifunza kwa mifano, alimweleza, na wanunuzi kumi na tisa kwa wiki tatu hawatoshi kuufundisha chochote. Lazima wachague hatua inayotokea kila siku na inayoelekea kwenye kununua. Kuhifadhi vipimo kulifaa, maana nani atajisumbua kumpima mtoto mabega na kiuno kama hana nia? Tena hatua hiyo ilitokea mara kumi na sita hivi kwa siku. Miwani akahakikisha taarifa inatumwa kwa mtambo pale tu vipimo vinapohifadhiwa, wala si mtu akifungua ukurasa na kuondoka. Kidole akabadilisha lengo.

Miwani alimwonya mambo mawili. Kila mtu mmoja sasa atagharimu zaidi, kwa hiyo wanaopakua watapungua sana. Na asiguse kitu kwa wiki mbili, auache mtambo ujifunze. Kidole akaitikia yote. Jambo moja tu hakulifanya: hakumwambia Wifi. Aliona haya. Alisema tu kwamba anarekebisha vitu fulani.

Siku iliyofuata waliopakua walishuka kutoka elfu moja na mia tano mpaka tisini. Lakini siku ya tatu ziliingia oda nne. Ya nne, sita. Za watu wasio ndugu, wazazi wenyewe, mmoja ana watoto watatu. Kidole alitamani kupiga vigelegele. Chumba cha pili cherehani tatu zilianza kulia.

Siku ya tano alifika kazini, akafungua simu. Waliopakua tangu usiku: elfu moja na mia mbili. Waliohifadhi vipimo: kumi na mmoja. Akafungua mipangilio. Lengo lilikuwa limerudishwa kwenye kupakua.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu. Kadi ya malipo ilikuwa yake na nywila alikuwa nayo. Kwa siku nne alikuwa anaona namba inaporomoka, na usingizi ulimkimbia. Basi akaingia mwenyewe, akatafuta palipobadilishwa, akarudisha kama zamani.

"Nimekuokoa, wifi yangu," alisema. "Ulitaka kutuzika."

Kulirudisha lengo kulimaanisha mtambo uanze karibu upya, na shule zilibaki wiki mbili zifunguliwe. Ndipo Kidole akasema yote, pale pale, bila kupunguza. Kwamba wale elfu thelathini na moja hawakuwa wateja. Kwamba namba iliyoshuka ndiyo iliyokuwa inaleta oda.

Wifi alishika ukingo wa meza. Tabasamu lilikuwa limeondoka na uso ulikuwa umebaki mtupu.

"Na hili ulilijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Kabla sijawaita wale mafundi kumi?"

"Kabla."

Wifi hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimwambia arudishe lile lengo la vipimo, na Kidole akarudisha. Kisha Wifi akahesabu kwa sauti ndogo: kwa oda sita kwa siku, tena zikirudi, kazi ipo ya mafundi watatu. Saba waende. Akasema hatawaambia yeye, atawaambia Kidole.

Kidole akavuka ukumbi mwembamba mpaka chumba cha pili. Bi Vifungo, aliyekuwa wa mwisho kuajiriwa na kwa hiyo wa kwanza kwenye orodha ya kuondoka, alimwona mlangoni akainuka haraka, akafuta mikono kwenye gauni, akatoa simu yake.

Alisema alisikia kwamba namba imeshuka na Kidole ana wasiwasi. Basi jana jioni alipita kila mlango kwenye jengo analoishi, akawashika majirani mmoja mmoja wapakue programu. Wengine aliwapakulia kwa mkono wake mwenyewe.

"Thelathini na nane, mwanangu," alisema, anamwonyesha orodha aliyoiandika. "Hata wasio na watoto nimewaingiza. Sasa niambie, tumefika?"