Kadi za Gloire

Méschac alisoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, lakini Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya kompyuta. Alifika peke yake na wakimbizi wengine, akapewa kibanda cha mwisho kwenye mstari wa vibanda vya kambi, na upweke ulipomzidi aliandika programu ndogo ya kadi kwa ajili ya watoto. Kila kadi ilikuwa na picha, na chini yake neno la Kiswahili. Ukibonyeza, jibu la Kibemba, lililotoka kwenye kamusi, linatokea, na Méschac analisoma kwa sauti. Ukibonyeza tena, inakuja kadi nyingine.

Watoto walicheza nazo kwa wiki chache, wakazichoka. Gloire hakuzichoka. Msichana huyo wa miaka minane aliishi na mama yake mdogo, Mujinga, mwanamke anayelima toka alfajiri. Kila alasiri alikuja kwa Méschac, akaketi mbele ya kompyuta, akafumba macho kidogo, akataja jibu kabla ya kubonyeza. Hakukosea hata moja. Méschac alidhani anafumba macho kwa haya.

"Mama Mujinga, huyu mutoto ana kichwa!" alisema. "Tumupeleke shule ya Wazambia. Kibemba anakijua."

"Kama wewe Mwalimu unasema," Mujinga akajibu, na usoni mwake pakawa na furaha ambayo Méschac hakuwahi kuiona. Watoto wa jirani walikuwa wanasoma huko. Gloire alibaki nyumbani tangu walipovuka, na hakuwa na wa kucheza naye.

Mwalimu wa darasa la pili, Madam Ireen, alikubali kuja mwenyewe kumsikiliza. Kama mtoto anafuata Kibemba, angeingia Jumatatu. Usiku wa kuamkia siku ya Madam kuja, Méschac, kwa kujivunia kazi yake, aliongeza kadi mpya ya kuku katikati ya zile za zamani.

Madam Ireen alijua Kiswahili cha kununulia samaki kwa Wakongo. Aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwa kibandani; Mujinga alisimama mlangoni.

"Haya, mukubwa wangu," alimwambia Gloire kwa utani. "Leo wewe ni mwalimu, mimi mwanafunzi."

Ikaja picha ya mbwa. "Imbwa," Gloire akasema, akabonyeza: imbwa. Ikaja nyumba. "Ing'anda." Sawa. Méschac alijikuta anatabasamu.

Kisha ikaja kuku. "Isabi," Gloire akasema, akabonyeza. Kompyuta ikaandika: inkoko.

"Hiyo ni mpya, Madam," Méschac akasema haraka. "Hajaiona bado."

Ikaja samaki. "Ubwato," Gloire akasema. Jibu: isabi. Ikaja mtumbwi. "Amenshi," akasema, yaani maji. Jibu: ubwato.

Méschac akaacha kutabasamu. Mtoto hakuwa akikosea ovyo; alikuwa kadi moja mbele. Hakuwahi kutazama picha wala kusoma neno. Alikuwa ameshika mpangilio mzima kama mtu anavyoshika wimbo wa kanisani, beti baada ya beti, na kuku mmoja alikuwa ameingia katikati ya wimbo.

Madam Ireen aliinama, akaionyesha picha ya mtumbwi. "Ici cinshi?" akauliza kwa Kibemba, hiki ni nini.

Gloire alimtazama Méschac. Machozi yalimlengalenga.

"Ninaimbaka nikienda kwa maji," akanong'ona. "Niko peke yangu. Nikiimba yote, njia inakuwa fupi."

Madam Ireen akamshika Gloire bega, akamwambia Mujinga: "Masikio yake mazuri. Lakini darasani hakuna wimbo. Watoto watamcheka, na atanyamaza mwaka mzima. Tutamuona tena muhula ujao." Kisha, akimgeukia Méschac bila ukali: "Hakusikia Kibemba kwa mutu hata mumoja. Amesikia kwako tu, na wewe si Mubemba."

Mujinga hakulaumu. Alichukua jembe, akaenda shambani, na hilo lilimwuma Méschac kuliko matusi.

Programu ilihitaji mstari mmoja tu: uchanganye kadi kila inapofunguliwa. Aliuandika siku hiyohiyo.

Jumatatu watoto wa jirani walipita wamevaa sare, wakicheka. Gloire aliwatazama hadi vumbi likatua, kisha akaja kuketi.

"Mwalimu, ya kwanza ni gani?"

"Sijui."

"Wewe ulitengeneza!"

"Nilitengeneza, lakini sijui. Tutaiona pamoja."

Kadi ikafunguka: maji. Gloire alikaribia kuanza wimbo. Méschac aliona midomo yake ikitafuta ubeti wa kwanza, ikaukosa. Kisha akaitazama picha, akaitazama kwelikweli.

"Mwalimu," akasema polepole, "hili sijui. Tumuulize nani?"

Méschac alijua jibu. Lingetokea kwa kubonyeza mara moja. Aliifunga kompyuta, akasimama. Njiani, upande wa ziwa, palikuwa na wanawake wa Kibemba wanaoanika samaki, na tangu afike hajawahi kuwasalimu. Alimshika Gloire mkono, wakaondoka, wote wawili wakiogopa.