Kanga Nyeupe za Mwanahawa

Treni ya Morogoro ilikuwa imeshaanza kusogea, na Zaidi kaning'inia mlangoni na mzigo wa kanga. Kanga hizo nyeupe zilikuwa zimelala dukani kwake na mkewe Mwanahawa, Dodoma, tangu masika. Wanawake wa kijiji jirani cha Zuzu walizicheka kwamba zinanasa vumbi, wakataka kaniki tu, zile nguo nyeusi. Mwanahawa alipunguza bei, wapi! Sasa tajiri wa Morogoro aliyewauzia asipozipokea na kuwabadilishia kwa kaniki, duka lifungwe, warudi Kondoa.

"Mume wangu, doti zote hazijakatwa? Zilizokatwa hazipokei!" Mwanahawa alipaza sauti kutoka chini.

"Nusu nimezikata, nikazipinda mwenyewe," Zaidi alijibu kwa fahari. "Nilisema zimfike nadhifu!"

"Ole wangu! Zitupe chini hizo!"

Akazitupa zilizokatwa, treni ikaondoka naye na doti nzima. Mwanahawa akaziokota relini, watu wakimcheka. Akatazama pindo: mshono umepinda kama njia ya mbuzi, lakini mume wake alikuwa amejichoma vidole kwa ajili yake. Hasira ikamwisha.

Kesho yake akafungasha kila doti ya kaniki iliyobaki na kipande kimoja cheupe, kwa bei iliyozidi ya kaniki kidogo tu.

"Mama Loisi, hicho cha kubebea mtoto," alimwambia mteja mmoja. "Ndani ya cheupe jua halimchomi."

"Na kimeshapindwa! Nani fundi?"

"Mwenye nyumba wangu."

Vipande vikaisha. Tajiri alipokea doti nzima, akatoa kaniki. Duka liliendelea mpaka vita vilipokuja, wakahamia kijijini Haneti kulima. Zaidi alitangulia kufa. Mama Loisi alizaa wengine watatu, akawabeba wote kwa kipande kile cheupe.